Ankara ya Matengenezo ya Gari kwa Dai la Bima

Gereji ya Bodi na Rangi, Tabata Kimanga, Dar es Salaam
TIN na namba yetu ya usajili wa VAT zimo kwenye risiti ya EFD iliyobanwa nyuma ya ankara hii.

Ankara Na. 0311/2024
Tarehe: 6 Novemba 2024

Kwa: Meneja wa Madai ya Magari, kampuni ya bima iliyotoa hati ya bima kubwa Na. MC/24/07718
Dai Na.: D/1066/10/24
Nakala: Bi. Mwanahamisi, mwenye gari

Gari: Toyota IST, T 417 DQX, ya mwaka 2005, injini 2NZ-FE ya sisi 1,300, rangi ya fedha. Kilomita zilizosomeka siku lilipoingia: 148,220.

Ajali: Jumanne 8 Oktoba 2024, Barabara ya Mandela karibu na Buguruni. Gari liligonga pikapu iliyofunga breki ghafla mbele yake. Pigo liliingia kona ya kushoto mbele. Ripoti za polisi PF 90 na PF 93 mnazo kwenye faili la dai.

Idhini za matengenezo: ya kwanza 17 Oktoba 2024, shilingi 2,660,000 bila VAT, ya nyongeza 23 Oktoba 2024, shilingi 440,000 bila VAT. Jumla iliyoidhinishwa ni shilingi 3,100,000, na ndiyo tunayodai hapa.

A. SPEA

| Na. | Spea | Hali | Shilingi |
|---|---|---|---|
| 1 | Boneti | Mtumba, Japani | 280,000 |
| 2 | Bampa la mbele | Jipya, Taiwani | 190,000 |
| 3 | Chuma cha ndani ya bampa (nyongeza) | Mtumba, Japani | 90,000 |
| 4 | Taa kubwa ya mbele kushoto | Mtumba, Japani | 170,000 |
| 5 | Fenda ya mbele kushoto | Mpya, Taiwani | 110,000 |
| 6 | Grili ya mbele | Mpya, Taiwani | 75,000 |
| 7 | Fremu ya kushikilia rejeta | Mtumba, Japani | 120,000 |
| 8 | Rejeta | Mpya | 260,000 |
| 9 | Kondensa ya AC (nyongeza) | Mpya | 230,000 |
| 10 | Feni ya rejeta na nyumba yake | Mtumba, Japani | 130,000 |
| 11 | Klipu na bolti za mbele, seti | Mpya | 35,000 |
| 12 | Kulanti, lita 5 kwa 9,000 | Mpya | 45,000 |
| 13 | Gesi ya AC, R134a (nyongeza) | Mpya | 60,000 |
| | Jumla ya spea | | 1,795,000 |

Spea zote zimenunuliwa Gerezani na Ilala, na risiti za maduka zimeambatishwa kwa kufuata namba za jedwali. Mthamini wenu aliuliza kwa nini boneti ni ya mtumba wakati mpya ya Taiwani ipo madukani. Tuliijaribu ile mpya kabla ya kuinunua. Upande wa kushoto ilikaa vizuri, upande wa kulia ikaacha mwanya ambao kidole kinapita, na kuibana kwa nguvu kungempa mwenye gari boneti inayotetemeka barabarani. Boneti iliyovuliwa kwenye IST nyingine ilikaa mara moja. Bampa, fenda na grili za Taiwani hazikuwa na shida hiyo, ndiyo maana tukachukua mpya. Rejeta na kondensa hatufungi za mtumba kwenye kazi ya bima. Huwezi kujua kwa macho kutu iliyomo ndani, na zikivuja baada ya mwezi mmoja, gari linarudi kwetu na lawama zinakuja kwenu.

B. MALIGHAFI ZA RANGI

Prima, puti, rangi iliyochanganywa kwa namba ya rangi iliyo kwenye kibao cha gari, klia, tina, msasa na karatasi za kufunikia: shilingi 245,000.

Tumeziweka peke yake kwa sababu si spea inayofungwa na si kazi ya mkono. Zikichanganywa na ufundi, hesabu ya kodi ya zuio inaharibika, kama inavyoonekana chini.

C. UFUNDI NA HUDUMA

| Na. | Kazi | Shilingi |
|---|---|---|
| 1 | Kufungua mbele yote na kuirudisha | 150,000 |
| 2 | Kuvuta na kunyoosha mkono wa chasisi, kushoto mbele | 220,000 |
| 3 | Kupiga rangi boneti, bampa na fenda, 3 kwa 110,000 | 330,000 |
| 4 | Kufunga rejeta, kondensa na feni, kujaza kulanti na kutoa hewa | 90,000 |
| 5 | AC: kuvuta ombwe, kupima uvujaji, kujaza gesi (nyongeza) | 60,000 |
| 6 | Umeme: taa, honi na kuunga waya zilizokatika | 50,000 |
| 7 | Wili alaimenti | 40,000 |
| 8 | Kuvuta gari kutoka eneo la ajali hadi kituo cha polisi, kisha gereji | 120,000 |
| | Jumla ya ufundi na huduma | 1,060,000 |

Kazi Na. 2 ndiyo iliyochukua siku nyingi, na ndiyo isiyoonekana gari likishapigwa rangi. Mkono wa kushoto ulikuwa umerudi nyuma. Tumeuvuta kidogokidogo huku tukipima mshazari, kutoka tundu la bolti la upande mmoja hadi la upande mwingine, mpaka vipimo vya pande mbili vikalingana. Picha za kabla, katikati na baada zimeambatishwa, tepu ya kupimia ikiwa imeshikizwa mahali pake. Karatasi ya wili alaimenti nayo imeambatishwa. Kama mkono usingekaa sawa, tairi zisingekubali vipimo vile.

Rangi ya fedha yenye chengachenga haifanani na ya zamani ukiikata kwenye ukingo wa fenda. Kwa hiyo tumeififishia mpaka mlango wa mbele kushoto. Mlango huo haumo kwenye idhini na hatuudai. Tumeugusa kwa sababu bila hivyo gari lingetoka na rangi mbili.

KUHUSU NYONGEZA YA SHILINGI 440,000

Makadirio ya kwanza, ya 11 Oktoba, yalifanywa bampa likiwa mahali pake. Kondensa hukaa mbele ya rejeta, na bampa lililobonyea lilikuwa limeificha. Siku ya Ijumaa 18 Oktoba tulipofungua tukakuta mafuta ya kompresa yamelowesha kona yake ya chini kushoto, bomba moja limepasuka, na gesi yote imekwisha kutoka. Chuma cha ndani ya bampa nacho kilikuwa kimepinda katikati. Tulisimamisha kazi siku hiyohiyo, tukawatumia picha kesho yake, na mthamini akaja kuona kwa macho kabla ya kutoa idhini ya pili. Nyongeza ina vitu vinne tu: chuma (90,000), kondensa (230,000), gesi (60,000) na kazi ya AC (60,000).

HESABU

| | Shilingi |
|---|---|
| A. Spea | 1,795,000 |
| B. Malighafi za rangi | 245,000 |
| C. Ufundi na huduma | 1,060,000 |
| Jumla kabla ya kodi | 3,100,000 |
| VAT, asilimia 18 | 558,000 |
| Jumla ya ankara | 3,658,000 |
| Toa: eksesi iliyolipwa na mwenye gari | 365,800 |
| Inayodaiwa kampuni ya bima | 3,292,200 |

Kwa maneno: shilingi milioni tatu, laki mbili, tisini na mbili elfu na mia mbili.

EKSESI

Kwa masharti ya hati Na. MC/24/07718, mwenye gari anabeba asilimia 10 ya kila dai, na isipungue shilingi 300,000. Asilimia 10 ya 3,658,000 ni 365,800, ambayo imevuka kima cha chini, kwa hiyo ndiyo inayotumika. Imehesabiwa juu ya jumla yenye VAT kama barua yenu ya idhini inavyoelekeza.

Bi. Mwanahamisi amelipa mara mbili, na kila malipo yana risiti yake ya EFD:

18 Oktoba 2024: shilingi 313,880, asilimia 10 ya idhini ya kwanza pamoja na VAT (3,138,800).
6 Novemba 2024: shilingi 51,920, asilimia 10 ya nyongeza pamoja na VAT (519,200).

Malipo ya pili yalimshtua, na ilikuwa haki yake kushtuka, maana siku anaacha gari alijua ameshamaliza. Tulimwonesha kondensa ya zamani na barua ya idhini ya pili, tukapiga hesabu mbele yake, naye akalipa. Tunaomba atakapopiga simu kwenu kuuliza, ajibiwe vivyo hivyo: eksesi imepanda kwa sababu dai limepanda, na hakuna shilingi ya eksesi iliyobaki gereji nje ya hesabu hii. Yote imetolewa kwenye deni lenu.

KODI YA ZUIO

Mtakapozuia asilimia 5, tunaomba ihesabiwe kwenye kundi C pekee, kabla ya VAT: asilimia 5 ya 1,060,000 ni shilingi 53,000. Spea na malighafi za rangi ni bidhaa. Kiasi kitakachoingia kwenye akaunti yetu kitakuwa shilingi 3,239,200, pamoja na cheti cha zuio cha 53,000. Tafadhali msitume fedha bila cheti, kwani bila hicho hatuwezi kuidai TRA mwisho wa mwaka na hasara inabaki kwetu.

VISIVYOMO

Pedi za breki za mbele zilikuwa zimeisha kwa matumizi, si kwa ajali. Mkwaruzo wa mlango wa nyuma kulia ni wa zamani, na PF 93 haiutaji. Mwenye gari aliomba vyote vishughulikiwe gari likiwa hapa, akalipia mwenyewe kwa ankara Na. 0312/2024. Hakuna sehemu ya gharama hizo iliyoingia humu.

SPEA ZA ZAMANI

Boneti, bampa, chuma, taa, fenda, grili, fremu, rejeta, kondensa na feni vimefungwa pamoja na kuandikwa namba ya dai. Ni mali yenu. Tutavitunza hadi 30 Novemba 2024. Tukipata maelekezo ya maandishi tutaviuza kama chakavu na kuwapa fedha pamoja na risiti; bila maelekezo hatutavigusa.

DHAMANA

Rangi miezi 6. Ufundi miezi 3. Spea mpya miezi 3, za mtumba siku 30, taa ikiwemo. Tatizo likitokea, gari liletwe kwetu kabla ya fundi mwingine kulifungua.

MALIPO

Ndani ya siku 30 tangu kupokea ankara hii, kwenye akaunti iliyosajiliwa kwenye orodha yenu ya watoa huduma. Hatujabadilisha akaunti. Ujumbe wowote wa simu au baruapepe unaosema tumebadilisha si wetu, na tunaomba mtupigie kwa namba iliyo kwenye mkataba kabla ya kulipa.

VIAMBATISHO

Risiti ya EFD ya ankara, risiti mbili za EFD za eksesi, barua mbili za idhini, risiti za maduka ya spea, picha 26, karatasi ya wili alaimenti, risiti ya gari la kuvuta, hati ya kuridhika.

MAKABIDHIANO

Gari limejaribiwa barabarani 5 Novemba 2024, Tabata hadi Ubungo na kurudi, AC ikiwa imewashwa. Joto la injini halikupanda, na taa ya erbegi iliwaka na kuzima kama kawaida wakati wa kuwasha gari. Mwenye gari amelikagua mchana, juani, 6 Novemba 2024, akawasha taa zote, akasaini hati ya kuridhika na kuchukua funguo mbili na kadi ya gari saa 9:40 alasiri.

Imeandaliwa na msimamizi wa gereji, imesainiwa na kupigwa muhuri.