Kumbukumbu ya Kikao cha 4: Tathmini ya Hatari ya Kujiua na Mpango wa Usalama

Mteja: mwanamume, miaka 38, mwalimu wa sekondari. Anaishi peke yake tangu ndoa ivunjike mwaka jana. Mwanawe wa miaka 9 huja kwake Ijumaa na kurudi kwa mama yake Jumapili jioni.
Utambuzi: sonona inayojirudia, kipindi cha sasa ni cha wastani kuelekea kikali.
Dawa: fluoksetini mg 20 kila asubuhi, leo siku ya 9.
Kikao: Jumanne, saa 4:00 hadi 5:25 asubuhi, ana kwa ana. Kilipangwa kuwa cha dakika 50. Nimekirefusha kwa sababu zilizoelezwa hapa chini.

Hali aliyokuja nayo

Amefika kwa wakati, nguo safi, ndevu hazijanyolewa. Anaongea polepole, sauti ya chini, anavuta ukingo wa mkono wa shati muda wote. Fikra zimepangika, hana njozi wala imani potofu. Usingizi unakatika saa 9 usiku na haurudi. Anakula mara moja kwa siku. Anaingia darasani, lakini madaftari ya wanafunzi yamelundikana bila kusahihishwa, na hilo linamfanya ajione "mzigo kwa kila mtu". Hana wahka wala kutotulia kwa mwili tangu aanze dawa, nimeuliza mahususi.

PHQ-9 leo ni 18. Wiki mbili zilizopita ilikuwa 16. Kilichonishtua si jumla bali swali la 9, lililopanda kutoka 1 hadi 2.

Tathmini ya hatari

Nilimuuliza moja kwa moja: "Mwalimu, umekuwa ukifikiria kujiua?" Alikaa kimya, kisha akasema: "Nilikuwa nangoja uniulize." Usiku mwingi anatamani asiamke. Usiku wa Jumapili na wa jana mawazo yalivuka hapo. Alifikiria kuyakatisha maisha yake kwa dawa za marehemu mama yake, ambazo bado zimo kabatini kwake. Hakuzigusa. Hajapanga siku wala saa, hajaandika barua, hajagawa vitu wala kuaga mtu. Kwa kipimo cha 0 hadi 10, nia ya kutekeleza ameiweka 3 leo asubuhi, na 6 usiku wa Jumapili. Pengo hilo ni muhimu: anayeonekana mtulivu kliniki mchana si yule wa saa 9 usiku, na uamuzi wangu umezingatia zaidi yule wa usiku.

Kwa mara ya kwanza ameeleza kwamba alijaribu kujiua akiwa na miaka 19. Hakuna aliyejua na hakupata matibabu. Taarifa hii haikuwemo kwenye faili; imeongezwa. Jaribio la nyuma linaongeza hatari hata likiwa la zamani hivi.

Mengine yanayoongeza hatari: upweke, kukosa usingizi, kujiona mzigo, njia kuwa karibu, na pombe. Zamani alikunywa mara chache. Sasa anakunywa Jumapili mtoto akishaondoka, "ili nilale". Ni usiku uleule mawazo yanapokuwa makali. Hana silaha nyumbani. Hana mawazo ya kumdhuru mtu mwingine, wala mtoto.

Yanayomlinda: mwanawe kwanza ("nani atamfundisha kuogelea?"), dada yake mkubwa anayeishi jirani, imani yake, na kwamba amefunguka mwenyewe. Simhesabu mtoto kama kinga peke yake, kwa sababu maumivu yanaanza saa ileile mtoto anapoondoka.

Uamuzi: hatari ya wastani kwa sasa, inayoweza kupanda haraka usiku, hasa Jumapili. Nimeshauriana kwa simu na daktari wake wa magonjwa ya akili kikao kikiendelea. Tumekubaliana kutomlaza kwa sababu hana nia thabiti wala maandalizi, anashirikiana, na dada yuko tayari kukaa naye. Dawa zisingeweza kuondolewa nyumbani leo, au dada asingepatikana, uamuzi ungekuwa kulazwa.

Mpango wa usalama

Tumeuandika pamoja kwa maneno yake. Nakala moja anayo, nyingine iko kwenye faili, na ameipiga picha kwa simu. Sikumtaka aahidi wala kusaini kwamba hatajiua. Ahadi ya namna hiyo haimlindi, na ingeweza kumfanya anifiche siku ikimshinda.

Dalili zangu: "Naamka saa tisa, naanza kuhesabu niliyoharibu. Nazima simu. Nasema moyoni mtoto atakuwa sawa bila mimi." Kuzima simu ni yeye aliyeitaja, na nadhani ndiyo dalili ya kuaminika kuliko zote, dada ameelezwa.

Ninachoweza kufanya mwenyewe: "Natoka kitandani, nawasha taa, naoga, nasali, nasahihisha madaftari matano tu." Tulianza na "kutembea nje", tukaifuta maana saa hiyo hawezi.

Watu na mahali pa kutuliza mawazo: mwalimu mwenzake wanayecheza naye bao jioni, mazoezi ya kwaya Jumatano. Hawa si lazima wajue kinachomsibu.

Wa kumwambia ukweli: dada. Maneno tumeyachagua mapema, kwa kuwa usiku hayapatikani: "Dada, ni ile hali. Njoo." Amemtumia ujumbe huo akiwa hapa, kwa majaribio. Dada alipiga mara moja, na mteja akalia, mara ya kwanza katika vikao vyote.

Wataalamu: namba ya zamu ya kliniki, saa 24, imehifadhiwa juu kabisa kwenye simu yake. Ikiwa nia imepanda au ameshika chochote cha kujidhuru: aende idara ya dharura pamoja na dada, asisubiri asubuhi.

Kuweka mazingira salama: dada atachukua dawa zote za marehemu leo na kuzirudisha famasi. Fluoksetini itatolewa ya wiki moja moja na itakaa kwa dada. Pombe haitakuwepo nyumbani. Amekubali, ingawa kwa shingo upande, na tutalirudia.

Ridhaa na usiri: ameridhia dada aelezwe kuhusu hatari na mpango. Hataki shule ijue. Sioni sababu ya kuvunja usiri huo. Nimemkumbusha kwamba maisha yake yakiwa hatarini nitawahusisha wengine hata bila ridhaa.

Ufuatiliaji

Nimemweleza kwamba fluoksetini huchukua wiki kadhaa kuinua hisia, na kwamba nguvu za mwili zinaweza kurudi kabla ya matumaini, hivyo aripoti mabadiliko yoyote. Atalala kwa dada hadi kikao kijacho, Ijumaa saa 3:00 asubuhi. Nitampigia kesho saa 2:00 asubuhi. Asipopokea nitampigia dada, na dada asipopatikana zamu itaanzisha utaratibu wa dharura. Ijumaa: kurudia tathmini nzima na kupanga Jumapili jioni saa kwa saa.

Nyongeza, saa 11:10 jioni: Dada amepiga simu. Amekagua kabati, chumba na begi la kazini. Dawa zote zimerudishwa famasi. Mteja yuko kwake, amekula. Nimezungumza naye dakika chache: nia 2, simu iko wazi. Nimekabidhi taarifa kwa zamu ya usiku kwa mdomo na kwa maandishi.

Mwanasaikolojia tiba, kliniki ya wagonjwa wa nje