Mzazi, Anza na Vichache: Maneno ya Video ya Duka la Nguo za Watoto na Nepi, Mbagala

(Kamera inaangalia meza kwa juu, usawa wa mikono. Juu ya meza: kanga iliyofuliwa, pampasi moja, nepi za kitambaa, vishati vya mtoto, glasi ya maji na kijiko cha chakula. Anayeongea ni mama mwenye duka. Aongee taratibu na kwa sauti ya chini, maana anayemsikiliza huenda mtoto kamlalia kifuani.)

Habari yako mzazi. Hongera kwa kujifungua, na pole kwa uchungu. Kama siku zako bado hazijafika, nakuombea ujifungue salama.

Wengi mnaniandikia saa 8 usiku, saa 9 usiku, wakati nyumba nzima imelala. Mmoja anauliza saizi ya pampasi, mwingine anauliza kama nguo sita zinatosha, mwingine anatuma picha ya choo cha mtoto. Nikisoma vizuri naona swali ni lile lile: mwanangu yuko salama? Ninamtunza inavyotakiwa? Leo nataka tulizungumze hilo kwanza. Habari ya kununua itafuata.

Nepi unayoivua ndiyo inayokupa habari za mtoto. Maziwa ya kifuani hayana kipimo, huwezi kuona ameingiza kiasi gani. Lakini kilichoingia lazima kitoke, na kikitoka unakihesabu.

(Mkono unashika pampasi kavu, kisha unaimiminia maji, kijiko kimoja kimoja, hadi vitatu.)

Angalia hapa. Pampasi kavu ni nyepesi kama kitambaa cha mkono. Namwaga maji vijiko vitatu vya chakula. Sasa ishike. Umesikia ule uzito, imekuwa kama ina kitu ndani? Hivyo ndivyo ilivyo pampasi yenye mkojo wa kutosha. Jaribu nyumbani mara moja tu, mkono wako utakumbuka hata gizani.

Siku ya kwanza mtoto akikojoa mara moja inatosha. Siku ya pili mara mbili, ya tatu mara tatu. Kuanzia siku ya tano tunataka tuone nepi sita au zaidi zilizolowa ndani ya saa 24. Choo nacho kinabadilika: siku mbili za mwanzo ni cheusi, kinanata kama lami, na wengi wanashtuka. Usishtuke, ndicho choo cha kwanza. Kisha kinakuwa cha kijani, na siku ya tano hivi kinakuwa cha njano, chepesi, chenye punjepunje. Wa kike anaweza kutoa tone la damu wiki ya kwanza, linatokana na homoni zako wewe mama. Na siku mbili tatu za mwanzo ukiona alama ya rangi ya matofali kwenye nepi, mnyonyeshe mara nyingi zaidi. Ikiendelea kuonekana siku ya tano, kamwonyeshe nesi.

Chukua karatasi, ibandike ukutani karibu na kitanda. Akikojoa weka alama, akipata choo weka nyingine. Mama mkwe akisema mtoto analia kwa sababu maziwa yako hayatoshi, una karatasi ya kumwonyesha. Naye anasema kwa kumpenda mjukuu, mwonyeshe kwa upole. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kulia peke yake si ushahidi wa njaa. Hapa dukani hatuuzi maziwa ya kopo. Anayedhani maziwa yake hayatoshi namwambia aende kliniki na karatasi yake.

(Kamera inasogea karibu. Mwanasesere amelazwa juu ya kanga.)

Sasa kitovu. Hiki kinawatisha wazazi kuliko vyote. Pampasi ukishaifungua, kunja ukingo wa mbele kwenda nje, hivi, upana wa vidole viwili, ukae chini ya kitovu. Mkojo usikifikie, upepo ukipate. Funga, kisha pitisha vidole viwili tumboni. Vikipita bila shida, hujabana. Usipake majivu, mafuta, mate wala dawa ya meno. Kiache kikauke. Kwa kawaida kinadondoka kati ya siku ya 5 na ya 15, kisivutwe hata kama kimebaki kwenye uzi mmoja. Ngozi ya pembeni ikiwa nyekundu, ikivimba, ikitoa usaha au harufu mbaya, hiyo ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Ukimsafisha wa kike, futa kutoka mbele kwenda nyuma. Maji ya uvuguvugu na pamba vinatosha. Poda acha. Najua inanukia, na bibi zetu walipaka, lakini lile vumbi mtoto analivuta kifuani. Ninayo rafuni kwa sababu watu wazima wananunua. Ukiniambia ni ya kichanga, nitakuomba uirudishe.

Akichubuka makalio, hujafanya kosa la kuaibisha. Ngozi imekaa na unyevu, basi. Mbadilishe mara nyingi, muoshe kwa maji, mkaushe kwa kugusa bila kusugua, mlaze bila nepi juu ya kanga dakika kumi na tano, mara kadhaa kwa siku. Kisha mpake mafuta mazito ya mgando au krimu yenye zinki. Ikipita siku tatu bila nafuu, au vikitokea vipele vyekundu kwenye mikunjo, nenda akaonwe.

(Pumzika kidogo. Mikono inapanga nguo mezani.)

Haya, tununue nini? Pampasi za kichanga zinamfaa mtoto hadi kilo 5 hivi. Aliyezaliwa na kilo 3, akishapita zile siku za mwanzo ambazo uzito hushuka kidogo, anaongeza gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Piga hesabu, miezi miwili au mitatu zimeshambana. Kwa hiyo usinunue katoni. Nunua paketi moja, na paketi ambayo haijafunguliwa nabadilisha saizi ndani ya siku 30, hata bila risiti, alama ya duka ninaijua.

Pampasi moja kwangu ni shilingi 600. Mtoto anayetumia nane kwa siku ni shilingi 4,800, kwa mwezi ni 144,000. Si kila nyumba inaweza, na hakuna haja ya kuumia. Nepi za kitambaa ni shilingi 18,000 dazeni. Dazeni mbili ni 36,000, bei ya pampasi za siku saba na nusu, nazo zitakaa hadi mtoto ajue poti, na mdogo wake atazikuta. Wateja wangu wengi wanachanganya: mchana nepi, usiku pampasi mbili ili mama apate usingizi. Kwa mwezi hizo mbili mbili ni 36,000 nyingine. Mimi mwenyewe wanangu wote nililea hivyo.

Kufua: choo kwanza chooni, suuza kwa maji baridi, loweka, fua kwa sabuni ya mche, suuza hadi povu liishe kabisa, anika juani. Usiweke dawa ya kulainisha nguo, inaifanya nepi isinywe mkojo. Zikikauka piga pasi, hata mishono. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo mbichi zilizoanikwa nje, na funza wake anaingia kwenye ngozi. Moto wa pasi unayamaliza.

Nguo: vishati sita vya kufunga kwa kamba pembeni, maana havipiti kichwani na havisugui kitovu. Nguo nne za mwili mzima zenye vifungo vya kubonyeza chini. Kofia mbili, soksi pea tatu, shali moja. Basi. Vigauni vyenye marinda na visuti vya kutokea arobaini, mwachie shangazi alete. Mtumba pia ni mzuri, pamba iliyofuliwa mara nyingi ni laini kuliko mpya. Chemsha, fua, piga pasi.

Jambo moja nalisema kwa msisitizo. Nguo za mtoto aliyetangulia, zilizokaa kwenye sanduku na vile vidonge vyeupe vya naftalini, zisimguse kichanga. Shali nayo vile vile, na blanketi la bibi. Wapo watoto waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kinachoitwa G6PD, ni jambo la kawaida kwenye nchi za malaria kama yetu, na huwezi kujua kwa kumwangalia. Naftalini inavunja damu yao, wanapata manjano kali. Nguo ikiwa na ile harufu, iweke pembeni. Njoo, nitakukopesha shali.

Na joto la Dar mnalijua. Mtoto mvalishe ulivyovaa wewe, ongeza nguo moja nyepesi. Mguse shingoni kwa nyuma: akiwa na jasho, vua moja. Vidole vya mikono kuwa vya baridi kidogo si kipimo. Mwanangu wa kwanza nilimfunga sweta, shali na kofia mwezi wa pili, mgongo wote ukajaa harara, na nililia nikidhani ni ugonjwa. Nilipomvua tu, siku ya tatu ngozi ilikuwa safi. Akilala, mlaze chali, kichwa wazi, bila mto wala nguo za kuziba uso.

(Kamera inapanda usoni.)

Wewe je, unalala? Umekula? Kulia lia siku za mwanzo kunawapata wazazi wengi, na kunapita. Yakipita wiki mbili bado moyo ni mzito, au yakikujia mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, mwambie mtu leo, uende kituo cha afya. Ni maradhi kama maradhi mengine, yana tiba.

Duka liko wazi saa 2 asubuhi hadi saa 2 usiku, kila siku, na kijana wa bodaboda analeta hadi mlangoni ndani ya Mbagala kwa shilingi 1,500. Usiku nitumie ujumbe wa sauti, nitakujibu nikiamka kuswali alfajiri. Ila mtoto akikataa kunyonya, akiwa wa moto au wa baridi isivyo kawaida, akihema haraka na mbavu zinabonyea, akishtuka degedege, akiwa wa njano hadi nyayoni, au kuanzia siku ya tano nepi ikikaa kavu saa nane mfululizo, usiningoje mimi. Mfunge kwenye kanga, chukua kadi ya kliniki, mwamshe mtu mwende hospitali usiku huo huo.