Ombi la kikao: mizani ya viazi, Molo, Julai 14 au 16

Kwa: Afisa wa Kilimo wa Wadi
Nakala: mawakala wawili wanaonunua kwetu, na msemaji wa wapakiaji
Kutoka: Katibu, kikundi cha wakulima wa viazi, Molo

Madam, salamu kutoka kwa wanachama. Tunaomba kukaa nawe.

Kusudi: kukubaliana kwamba kuanzia mavuno haya gunia halitoki stoo bila kupimwa, na halizidi kilo 50.
Siku: Jumanne 14 Julai 2026 saa nane mchana, au Alhamisi 16 Julai saa nne asubuhi.
Muda: saa moja.
Mahali: stoo ya kikundi, ili mizani tuione kwa macho.
Ajenda: (1) kupima gunia moja la lumbesa mbele ya wote, dakika 10, (2) kuuza kwa kilo badala ya gunia, dakika 20, (3) nani analipia magunia ya ziada na upakiaji, dakika 25, (4) tarehe ya kuanza, dakika 5.

Ukiwa na haraka, yatosha hayo: chagua siku na unijibu. Yanayofuata ni ya kukuandaa, na mawakala nao wajue wanaitiwa nini.

Kanuni za viazi za mwaka 2019 zimeweka kikomo cha kilo 50 kwa gunia, nawe ndiwe uliyetusomea. Tatizo si kutojua. Juzi tulipima lumbesa lililokuwa limeshonwa tayari kupakiwa, lile lenye wavu juu kama kofia, likafika kilo 140. Bei yake shambani ilikuwa Sh 2,800. Mwenye shamba alikuwa akihesabu kilo 110, yaani kama shilingi 25 na ushei kwa kilo, kumbe ameuza kwa 20. Kilo 30 zimekwenda bure, na hizo ni za gunia moja tu.

Mawakala wana hoja yao, na naomba tuisikilize kabla ya kuwanyooshea kidole. Wanasema Marikiti kule Nairobi mnunuzi bado anaulizia gunia, haulizii kilo. Wakimpelekea la 50 anataka bei ishuke kuliko hesabu inavyotoka. Wanasema pia tukikaza hapa, lori litageuza njia liende Nyandarua. Hilo la pili mimi naona ni vitisho nusu na ukweli nusu. Shangi haikai stoo, inachipua upesi, na mkulima mwenye karo ya kulipa hawezi kungoja lori la wiki ijayo. Ndiyo maana hatutaki kufunga stoo peke yetu. Tunataka mawakala wawe ndani ya kikao, si nje ya lango.

Ajenda ya tatu ndiyo itakayotuchelewesha, kwa hiyo nimeipa muda. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia. Viazi vilivyokuwa lumbesa moja vitakuwa magunia matatu kasoro kidogo, na hesabu ya kupakia, kusafirisha na hata ushuru wa kaunti inaweza kupanda mara hiyo hiyo ikibaki kwa gunia. Pendekezo letu ni malipo ya upakiaji yahesabiwe kwa kilo, vijana wasipoteze na mkulima asibebeshwe mzigo wote. Mgongo wa kijana unaobeba kilo 140 unajua thamani ya mpango huu, ingawa mwenyewe huenda akapinga mwanzoni akidhani tunamkata. Hapo kwenye ushuru tungependa maneno yako, kwa sababu sisi tunasikia kila kizuizi kikisema lake.

Bei ya kilo yenyewe hatutaijadili sana. Inabadilika kila siku ya soko; tunachotaka ni kwamba iwe ya kilo.

Mizani tunayo, ya jukwaa, inabeba hadi kilo 300. Bado haijapigwa muhuri na afisa wa vipimo. Kama unaweza kumwalika aje siku hiyo hiyo, tutashukuru. Wakala akisema mizani yetu inadanganya, awepo wa kumjibu ambaye si mkulima.

Tumekwepa Jumatatu kwa sababu ya mafunzo yenu, na Jumatano kwa sababu nusu ya wanachama watakuwa sokoni Elburgon. Mvua ikifunga barabara ya stoo, tutahamia ukumbi wa kanisa ulio kando ya lami, saa ile ile.

Naomba jibu kabla ya Ijumaa jioni, kwa namba hii hii. Hata "Jumanne sawa" inatosha. Zote mbili zikikataa, nitajie siku yako moja katika wiki inayofuata. Mawakala, nanyi nijibuni mmoja mmoja, msiachiane.

Asante, Madam.
Katibu