Jibu la Swali la 3: Je, K alikuwa na nia mahsusi ya mauaji ya kimbari?

Upande wa utetezi haubishi kwamba watu 23 waliuawa kwenye kizuizi cha barabarani cha mshtakiwa, K, wala kwamba yeye ndiye aliyeamuru. Ubishi uko kwenye nia. Ibara ya 2 ya Mkataba wa 1948 dhidi ya mauaji ya kimbari haitosheki na nia ya kuua. Inataka nia ya kuliangamiza kundi la kitaifa, kikabila, kirangi au kidini, lote au sehemu yake, kwa kuwa ni kundi hilo.

K hajakiri. Katika kesi ya Akayesu (1998), Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda iliyoketi Arusha ilikubali kwamba nia ni jambo la moyoni, hivyo pasipo kukiri huweza kubainishwa kutokana na mazingira: ukubwa wa ukatili, kulengwa kwa watu wa kundi moja huku wengine wakiachwa, na matamshi ya mshtakiwa. Sharti ni moja: ushahidi usiache tafsiri nyingine ya maana.

Kwa maoni yangu, kesi hii inabebwa na vitambulisho. Shahidi wa pili alimwona K akifungua kila kitambulisho, akitazama mstari wa kabila, kisha akionyesha kwa kidole. Wa kabila A walipelekwa mtoni. Wengine walipita na mizigo yao. Miongoni mwa waliopelekwa mtoni alikuwamo mtoto wa miaka minne. Utetezi kwamba K alikuwa akisaka waasi unaanguka hapo, kwani mtoto huyo hakuwa na chochote cha kuuawa kwacho isipokuwa kabila lake. Usiku uliotangulia K alihimiza mkutano "ung'oe magugu na mizizi". Kwa kuwa hayo ni mafumbo, mashtaka wamwite mtaalamu wa lugha, kama ilivyofanyika kwa Akayesu kuhusu maneno ya Kinyarwanda.

K anadai alitaka ng'ombe tu. Hiyo ni sababu binafsi, na sababu haifuti nia, kama ilivyoamuliwa na Mahakama ya Kimataifa ya Yugoslavia ya zamani katika rufani ya Jelisić, 2001. Kesi hiyohiyo inajibu hoja kwamba hakuna mpango ulioandikwa: mpango ni ushahidi wenye uzito, si kiungo cha kosa. Hata kama K alimficha jirani mmoja wa kabila A, hilo nalo halimwokoi; alimchagua mmoja, akawapeleka 23 mtoni.

Ugumu wa kweli uko kwenye "sehemu". Kesi ya Krstić (rufani, 2004), ya mahakama hiyohiyo ya Yugoslavia, inadai sehemu iliyolengwa iwe kubwa au muhimu kwa kundi. Hata hivyo kinachopimwa ni sehemu aliyokusudia kuiangamiza, si hesabu ya maiti, na vizuizi vingine sita vya wilaya hiyo vilifanya mchujo uleule wa watu wiki hiyohiyo. Mahakama ikiona K aliijua tu nia ya wakubwa wake bila kuwa nayo mwenyewe, basi, kama ilivyokuwa kwa Krstić, atiwe hatiani kwa kusaidia mauaji ya kimbari.