Mpango wa kuziachia mvi za Shangazi, kutoka Mfungo Mosi hadi Idi Kubwa ya mwakani

Shangazi, shikamoo. Nimeuandika kwa urefu ili ukae nao hapo Wete, uusome kwa nafasi, na binti yako ausome pia kwa sababu yeye ndiye atakayekuosha nywele. Ulichosema Idi iliyopita, kwamba umechoka kupaka piko kila wiki tatu na kichwa kinakuwasha, nimekichukua kwa uzito. Unataka mvi zako zionekane, na hutaki kukata kipara wala kutembea na kichwa cha rangi mbili. Linawezekana. Ila linataka subira ya karibu miezi kumi na nne, na nitakueleza kwa nini haliwezi kuwa fupi zaidi.

Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, zako pengine pungufu kidogo. Ukihesabu kutoka Mfungo Mosi huu mpaka Idi Kubwa ya mwakani, utakuwa na sentimita kumi na tatu au kumi na nne za nywele zisizo na rangi hata tone. Kwa pembeni hizo zinakaribia kidevu. Hakuna mafuta wala kidonge cha kuzikimbiza, na anayekuuzia anakula pesa yako tu. Kazi yangu katika muda huo si kuzificha mvi. Ni kuuvunja mpaka kati ya nyeupe inayoota na nyeusi inayoshuka, ili jicho lisipate mahali pa kusimama. Mkasi utamaliza yaliyobaki.

Watu watakwambia nenda saluni wakuvue rangi yote siku moja utoke na kichwa cha fedha. Nakuomba usikubali, hata kwa bure. Nyeusi yako ni ya miaka mingi, tabaka juu ya tabaka. Rangi mpya haiwezi kuing'arisha rangi ya zamani. Kinachoitoa ni blichi, na blichi ikivuta nyeusi nzito inapita kwanza kwenye wekundu, kisha shaba, kisha manjano. Kuifikisha nyeupe kwa siku moja ni kuipika nywele mpaka ikatike mkononi. Afadhali hatua nne ndogo.

Kile kishungi ulichoniachia, kile nilichokukata nyuma ya sikio la kulia, nimekijaribu. Nilianza kwa kukiweka kwenye peroksaidi ya asilimia 6 na matone ya amonia, nusu saa. Rangi nyengine za unga zina chumvi za madini ndani yake, na hizo zikikutana na blichi hupata moto, hufuka, nywele ikageuka uji. Chako kilikaa kimya, hakikupata joto wala harufu. Baadaye nikakipaka blichi nyepesi, nikakiangalia kila dakika tano. Ncha zilifika shaba nyekundu zikagoma hapo. Sehemu iliyo karibu na ngozi, iliyopakwa mara chache, ilifika rangi ya asali. Nilikivuta kikiwa kimelowa, kikanyooka na kurudi bila kukatika. Kwa hiyo nywele zako zinastahimili, lakini ncha zile hazitakuwa kijivu kamwe. Hizo ni za kukata, na mpango wote umejengwa juu ya jambo hilo.

MFUNGO MOSI NA MFUNGO PILI
Acha piko kabisa, tangu leo. Hata ya kugusia panjani, hata kama kuna harusi. Ukipaka mara moja tu unarudi mwanzo, kwa sababu kile kipande kitashuka na nywele na tutakikuta mbele. Hina nayo usiitie kichwani: juu ya mvi inatoa rangi ya chungwa isiyong'oka, na ile iliyochanganywa na majani ya nili ikikutana na blichi inaweza kugeuka kijani. Mikononi na miguuni paka upendavyo.

Miezi hii miwili ndiyo migumu kwa macho. Mvi zako zimejaa mbele na panjani, kisogoni bado kweusi, kwa hiyo mpaka utaonekana pale pale unapojitazama kwenye kioo. Usigawe nywele kwa mstari ulionyooka, pitisha chanuo kwa kona kona. Ukisukwa mistari midogo ya kurudi nyuma, mpaka unapotea kabisa. Isikazwe kwenye panja, hapo nywele ni nyembamba. Siku ya shughuli chukua poda ya macho ya kahawia yenye ujivujivu, ipakaze kwa brashi ndogo juu ya mpaka peke yake. Wanja usiutumie, jasho litauleta kwenye paji la uso.

Nje una buibui na mtandio, hakuna akuonaye. Wanaoona ni wa ndani na wanawake wenzio, na najua hao ndio wenye maneno. Waambie unaziachia kwa kutaka, basi. Mvi usizing'oe hata ikiwa moja imesimama peke yake, Mtume (S.A.W.) amekataza kuzing'oa, na ile inayong'olewa inaota tena nyeupe vile vile.

MFUNGO TATU, BAADA YA IDI KUBWA: SAFARI YA KWANZA
Utakuwa na kama sentimita mbili na nusu za mvi. Hapo ndipo pazuri pa kuanzia. Kabla ya hapo sina pa kushika. Siku mbili kabla ya kazi nitakupaka tone la rangi nyuma ya sikio tulitazame kwa saa 48. Kichwa chako kimekuwa kikiwasha kwa piko, na dawa iliyomo ndani ya piko imo pia kwenye rangi nyingi za saluni. Ukitoka vipele au ngozi ikivimba, hakuna rangi ya aina yoyote itakayokugusa. Tutafuata mkasi peke yake na kusuka, na kichwa kitakuwa kifupi mapema. Nakwambia sasa usije ukanificha muwasho kwa kuogopa safari kuharibika.

Ngozi ikiwa salama, nitatia hailaiti, yaani mistari ya nywele iliyotolewa rangi, nyembamba sana, kila moja unene wa uzi wa kufumia, ndani ya karatasi ya fedha. Nyingi mbele na kwenye panja, chache utosini, kisogoni mbili tatu tu. Blichi itaanzia chini ya mvi mpya, isiziguse. Mvi hazina rangi ya kutolewa, zitakauka bure. Zikifika shaba nasimama. Juu yake napaka tona ya majivu kuuzima wekundu. Utatoka na nywele za kahawia yenye moshi zilizopita ndani ya nyeusi. Mtu atajua umebadilika asijue umefanya nini. Nitakata sentimita tano za ncha siku hiyo hiyo.

Mbele juu ya paji, pale mvi zinapoota kwa mkupuo kama pamba, nitarudisha nyuzi chache za giza kwa rangi isiyo na amonia. Hiyo inafifia kidogo kidogo ukiosha mara ishirini na kitu, na haiachi mpaka mkali. Watu hushangaa kwamba kuelekea kwenye weupe kunahitaji kutia giza, lakini nyuzi hizo ndizo zinazofanya nyeupe ionekane imetawanyika badala ya kukaa kama kiraka.

MFUNGO SITA, KABLA YA MAULIDI
Safari ya pili. Mvi zimefika sentimita tano na zaidi. Tunarudia yale yale kati ya zile hailaiti za kwanza, juu yake hapana. Nywele iliyokwisha kupakwa blichi haipakwi tena juu kwa juu. Tunakata sentimita sita. Nyuzi za giza za mbele safari hii nusu ya zile za mwanzo.

MFUNGO TISA
Ya tatu, na nadhani ya mwisho kwa blichi. Tona na mkasi, sentimita sita tena. Kichwa kitakuwa na kijivu zaidi ya nyeusi.

SHAABANI
Tona nyepesi na kukata sita nyengine, Ramadhani ikukute umepumzika. Kuanzia hapo hakuna dawa yoyote mpaka Idi Kubwa, ambapo tutaamua pamoja: ukitaka, nakata zile sentimita chache zilizobaki na rangi, unabaki na nywele zako tupu, fupi, zisizofika mabegani. Hutaki, tunaziacha zishuke zenyewe.

NYUMBANI, KWA BINTI YAKO
Osha mara moja kwa wiki, shampuu laini isiyo na povu kali. Usiku wa kabla yake mpake mafuta ya nazi kwenye nywele zenyewe, si kwenye ngozi. Mafuta ya nazi huingia ndani ya nywele na kuzipunguzia kupoteza protini wakati wa kuosha. Yawe meupe, yasiwe yale yaliyoungua chini ya sufuria yakawa ya kahawia, hayo yanatia mvi rangi. Kondishna kila anapooshwa, na stimu ya taulo la moto mara mbili kwa mwezi. Mvi huwa kavu na ngumu kwa sababu ngozi ya kichwa hupunguza mafuta yake kadiri umri unavyokwenda.

Adui mkubwa wa mvi ni umanjano. Maji ya visima vyetu yamejaa chokaa na mara nyengine chuma, na vyote vinaganda kwenye nywele. Suuza la mwisho kwa maji ya mvua mliyoyakinga. Shampuu ya zambarau nitakupa mimi: mara moja kwa wiki mbili, dakika tatu tu, ukizidisha utapata zambarau kweli. Akikaa jikoni kwenye kuni au akifukiza udi, kichwa kifungwe. Siku ya singo la bi harusi nguo ya kichwa isifunguke. Manjano yakiingia kwenye mvi yanachukua muda kutoka. Ndimu na jua visitumike kuzing'arisha, zinakatika. Na chini ya mtandio avae kitambaa cha satini, pamba inanyonya unyevu na kusugua.

Shangazi, ukija safari ya kwanza, njoo siku tatu kabla ya kazi kwa ajili ya kile kipimo cha nyuma ya sikio. Nywele zisioshwe siku mbili, wala zisipakwe mafuta tangu jana yake. Boti ya Mkoani inafika na joto, kwa hiyo siku ya kwanza utapumzika. Lete na ile pakiti ya piko uliyokuwa ukitumia, hata ikiwa tupu, nataka kusoma kilichoandikwa nyuma. Kichwa kikiwaka moto au uso ukivimba wakati wowote baada ya kazi yangu, suuza kwa maji mengi, nenda hospitali, kisha ndipo unipigie.