KIKAO CHA KWANZA CHA HARUSI YA ELIBARIKI: JUMAPILI 23 AGOSTI 2026, KIMARA STOP OVER

Ndugu, jamaa na marafiki, habari za siku nyingi.

Familia ya Mzee Yohana Mnzava wa Same inawaalika kwenye kikao cha kwanza cha maandalizi ya harusi ya kijana wetu Elibariki na binti yetu Rehema wa Muheza. Mahari imeshamalizwa, wazee wa pande zote mbili wamekunywa chai pamoja, na ndoa itafungwa Jumamosi tarehe 5 Desemba 2026, KKKT Usharika wa Kimara. Wiki moja kabla, tarehe 28 Novemba, wenzetu watakuwa na sendofu huko Muheza.

Kikao ni Jumapili tarehe 23 Agosti, saa 9:30 alasiri, nyumbani kwa Baba Mkubwa Joseph, Kimara Stop Over. Anayekuja kwa mwendokasi ashuke Kimara Mwisho, apande daladala ya Mbezi hadi Stop Over, halafu bodaboda amwambie "kwa Mzee Joseph, geti la kijani, nyuma ya mashine ya kusaga". Wanapajua. Saa 9:30 ni 9:30 kweli. Saa 12 jioni tunafunga, maana kesho yake ni kazini. Mama Mkubwa ameshasema atapika makande, hivyo wanaopenda kuchelewa wajue sufuria haitawasubiri.

Bajeti tuliyoitengeneza kwenye kikao cha familia ni shilingi 18,000,000. Kubwa kuliko yote ni chakula: watu 250 kwa sahani ya shilingi 25,000, jumla 6,250,000. Ukumbi ni 3,000,000, mapambo 2,500,000, mshereheshaji na muziki 1,500,000, picha na video 1,500,000, soda na maji 1,000,000, na 2,250,000 ni ya mavazi, keki na magari. Kwenye mapambo mimi naona bado panakatika, ila wakina dada wamenizidi kura. Njooni mseme.

Familia imeshachanga 5,200,000 taslimu. Zinazobaki, 12,800,000, ndizo zinazotuleta kwenu. Mwenye ukumbi anataka nusu ya malipo kabla Septemba haijaisha, na Desemba mnaijua: ukizubaa wiki moja tarehe imechukuliwa na mwingine. Ndiyo maana tunaanza mapema.

Kadi ya mtu mmoja ni shilingi 100,000, ya wawili 150,000. Mwenye zaidi abarikiwe, mwenye pungufu asikae nyumbani kwa aibu. Hata 20,000 inaandikwa kwenye daftari kwa jina lako. Unaweza kuahidi kikaoni na kulipa kidogo kidogo hadi tarehe 15 Novemba, kwa sababu baada ya hapo tunachapa kadi. Tunaomba tu ahadi iwe ile unayoiweza. Harusi iliyopita tulipigiana makofi ya kilo kikaoni, halafu wiki ya mwisho simu hazipokelewi na mweka hazina anakopa hela ya mchele. Safari hii tuoneaneni huruma.

NAMBA ZA KUTUMIA MCHANGO
M-Pesa: 0754 000 462
Mixx by Yas: 0714 000 462
Jina litakalotokea kwa zote mbili: ELINEEMA YOHANA MNZAVA (dada yake bwana harusi, mweka hazina wetu)

Tafadhali tuma na ya kutolea. Ukishatuma, mwandikie ujumbe wenye jina lako kamili, kwa sababu wengi mnatumia laini za waume, wake au watoto, na jina likitokea geni daftari linachanganyikiwa. Orodha ya waliolipa itawekwa kwenye grupu la WhatsApp kila Jumapili jioni. Usipojiona, piga siku hiyohiyo. Ndugu zetu wa Taveta na Nairobi mnaweza kutuma kutoka M-Pesa ya Kenya kwenda +255 754 000 462.

Na lile jambo la siku hizi: ukipata ujumbe wa "ile hela ya harusi tuma kwenye namba hii", huyo ni tapeli. Kamati haibadilishi namba. Jina lisiposoma Elineema, usibonyeze namba ya siri.

Wajomba wa Same, tunajua safari ni ndefu, kwa hiyo teueni mmoja aje na sauti yenu. Shangazi Naomi, wewe usiagize mtu, njoo mwenyewe. Suala la wasimamizi haliwezi kuamuliwa bila wewe.

Kikao cha pili kitakuwa Jumapili tarehe 20 Septemba, hapohapo, saa ileile.

Mwenye swali apige 0754 000 518, Petro, katibu wa kamati. Mchana nikiwa kazini tuma ujumbe, nitakupigia.