Orodha ya vyumba, vifaa na kasoro: nyumba ya kupanga, Tabata Segerea

Imeandikwa kutokana na video aliyopiga dalali mchana, dakika 11 na sekunde 40. Namba zilizo kwenye mabano ni dakika na sekunde za video. Kisichowashwa wala kufunguliwa nimekitaja hivyo.

NJE (0:00). Geti la chuma la milango miwili, limeshika kutu sehemu yote ya chini. Pevingi imetitia karibu na chemba ya maji taka, na mfuniko wa chemba umemeguka kona moja. Simtanki moja juu ya mnara, ujazo hausomeki. Paa la bati la msauzi. Fasia bodi ya nyuma, upande wa jiko, imeoza.

SEBULE (1:48). Sakafu ya marumaru, moja imepasuka mlangoni. Dari la jipsamu lenye taa nane, mbili haziwaki. Feni inazunguka ikiyumba. Madirisha mawili ya aluminiamu yana grili. Wavu wa la kushoto umetoboka. Soketi tatu, ya nyuma ya mlango imechomoka ukutani na waya unaonekana (2:31). Hiyo isitumike.

JIKO (3:20). Makabati ya juu na chini, mlango mmoja wa chini hauna bawaba. Sinki la stenlesi. Koki inadondosha maji, na chini yake kuna ndoo yenye maji, maana yake tatizo si la leo. Jiko la gesi halimo.

CHUMBA MASTA (5:05). Kabati la ukutani la milango minne, kitasa kimoja hakipo. Kiyoyozi kipo, hakikuwashwa. Simamisha video kwenye 6:12, kamera inapopita haraka: ukuta unaopakana na bafu umepakwa rangi mpya kuanzia sakafuni hadi usawa wa soketi tu, na tayari rangi imeanza kuvimba. Dalali anasema ni "vumbi la fundi". Vumbi halivimbishi rangi. Upande wa pili wa ukuta huohuo ndipo ilipo shawa (6:50), na grauti kati ya vigae imetoka. Nashuku maji yanapenya kutoka bafuni. Fundi bomba athibitishe kabla mkataba haujasainiwa. Choo cha kukaa na beseni la kunawia ni vizima kwa macho, ila hakuna aliyevuta maji.

VYUMBA VIWILI VYA WATOTO (8:02, 8:55). Havina makabati. Cha kwanza kina ufa mwembamba juu ya dirisha, kuanzia kona ya lenta. Cha pili sikuona kasoro.

CHOO CHA PABLIK (9:40). Cha kuchuchumaa. Taa haiwaki, kwa hiyo kuta hazikuonekana vizuri.

STOO (10:30). Imefungwa, dalali anasema funguo anazo mwenye nyumba. Mpaka ifunguliwe na kupigwa picha, isiandikwe kwenye fomu ya makabidhiano.